Barua ya wazi kwa wakuu wa mtandao wetu wa simu: hela iliyokosea namba bado iko mikononi mwenu, isaidieni irudi

Wakuu wetu, na hasa wewe mkuu wa huduma za fedha na mwenzako wa huduma kwa wateja, habari za kazi. Ninaandika kwa niaba ya mdogo wangu, kwa ruhusa yake, kuhusu muamala wa 180,000 alioutuma ukaenda namba isiyo yenyewe. Sehemu kubwa imesharudi na kwa hilo tunashukuru, ila 46,500 bado haijarudi, na tukiwauliza vijana wenu wanasema hiyo haiwezekani tena. Mimi naamini inawezekana, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu kilichomkwamisha mdogo wangu kinaweza kumkwamisha mteja yeyote, na dawa yake mnayo nyie peke yenu.

Kilichotokea ni hivi. Ilikuwa kodi ya chumba. Namba ya mwenye nyumba inaishia na 4736, mdogo wangu akaandika 4763, yaani 3 na 6 zimebadilishana viti, basi. Laini ya mwenye nyumba imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine wa familia yao, kwa hiyo kila mwezi jina linalotokea kabla ya kuthibitisha si lile analolijua yeye, na siku hiyo lilipotokea jina geni jingine hakulishangaa. Akaweka namba ya siri, meseji ikaja, akampigia mwenye nyumba kumjulisha, mwenye nyumba akasema mbona sijaona kitu. Hapo ndio akairudia meseji, akasoma namba moja moja, akaona.

Naomba niseme kitu kidogo hapa kuhusu namba, maana mara nyingi mtu akiripoti anajibiwa uwe unahakiki namba kabla ya kutuma, kama vile kila kitu kiko kwenye macho ya mtumaji. Namba ya kadi ya benki ile tarakimu yake ya mwisho haikupangwa hivi hivi, inapigiwa hesabu kutokana na tarakimu zilizotangulia. Ukikosea tarakimu moja, au ukibadilishana mbili zilizokaa pamoja kama hizo 3 na 6, isipokuwa 0 na 9, hesabu inagoma na mashine inakukatalia palepale. Ni kanuni ya Luhn, ipo tangu miaka ya 1950. Namba ya simu haina ulinzi huo hata kidogo. 4736 ni ya mtu na 4763 ni ya mtu, zote mbili ni sahihi kwenye mfumo, kwa hiyo kosa dogo la kidole halikutani na ukuta wowote zaidi ya lile jina linalotokea kwenye skrini, na jina lenyewe kama nilivyosema watu wengi wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya ndugu zao. Sasa mlipochagua namba ya simu ndio iwe namba ya akaunti ya hela mlichagua kitu rahisi sana kwa mteja na ndio maana huduma imeenea hivi, lakini mlichagua pia kwamba makosa ya aina hii yatakuwepo kila siku. Basi njia ya kuyarekebisha iwe sehemu ya huduma yenyewe kama kutuma na kutoa, isiwe fadhila.

Mdogo wangu alifanya kile mnachotuambia tufanye. Hakumpigia yule mtu kwanza, alipiga kwenu. Akasikiliza menyu ya lugha, halafu vifurushi, halafu intaneti, halafu fedha, na ndani ya fedha hakuna kitufe kinachosema nimekosea namba, unaenda tu kusubiri mhudumu pamoja na watu wanaouliza vifurushi vyao vimeishaje. Alipompata mhudumu, dada mwenye lugha nzuri kabisa, hilo nalisema maana ni kweli, akaulizwa namba yake, namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, muda, na namba aliyokusudia. Vyote akavitoa. Akaambiwa ombi limepokelewa, tutawasiliana na mpokeaji, akikubali na salio likiwepo hela itarudi.

Sasa hayo maneno mawili, akikubali na salio likiwepo, ndio yaliyobeba shida yote.

La kukubali nalielewa na silipingi. Kuna watu wananunua bidhaa, wanatuma hela, wanachukua mzigo, wakifika nyumbani wanapiga simu kwamba nimekosea namba nirudishieni. Mngekuwa mnarudisha kila hela inayolalamikiwa bila kumuuliza aliyeipokea, hakuna muuzaji angekubali kulipwa kwa simu tena. Kwa hiyo kumuuliza mpokeaji ni haki. Shida ni kwamba muda mnaomtafuta, hela yenyewe mnaiacha inaelea tu kwenye akaunti yake kama vile hakuna ripoti yoyote. Simu yake ikizima mnangoja, asipopokea mnangoja, na muda wote huo anaweza kwenda kwa wakala akaitoa yote na kuanzia hapo hata nyie hamna la kufanya, maana noti zikishatoka mkononi mwa wakala huwezi kumwambia wakala azirudishe, yeye ametoa za kwake kihalali. Tunajua mpaka huo upo. Ndio maana tunasema kabla ya mpaka huo kuna nafasi, na nafasi hiyo ni yenu.

Kwa sababu ukiangalia inavyofanya kazi, pale mdogo wangu alipothibitisha hakuna hela iliyosafiri popote. Hela halisi za wateja wote zimekaa benki kwenye akaunti ya amana, na kwenye daftari lenu la kompyuta mkapunguza 180,000 kwenye mstari wake mkaongeza 180,000 kwenye mstari wa yule mtu. Hiyo tu. Kuishikilia ni kuandika mstari mwingine, kiasi hiki kihamie akaunti ya kusubiri mpaka wahusika waulizwe. Mtumaji hajapewa, mpokeaji hajanyang'anywa, imekaa katikati. Akijitokeza mpokeaji akasema hapana, hii nimelipwa kwa mzigo wangu na huu hapa ushahidi, mnamwachia yake.

Mnaweza kusema tukishikilia kila muamala unaoripotiwa matapeli watautumia huo mlango kuwasumbua wafanyabiashara. Ni hofu ya kweli, lakini nyie mna macho ambayo sisi hatuna. Chukueni huu wa mdogo wangu. Alikuwa hajawahi kutuma hata mara moja kwenye ile namba ya 4763. Kwenye ile ya 4736 ametuma kila mwezi, kiasi kilekile, tarehe za karibu na hizohizo. Namba zenyewe zinatofautiana kwa tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Ripoti iliingia ndani ya saa moja. Na yule mpokeaji si laini ya biashara, ni laini ya mtu wa kawaida. Yeyote anayeliangalia daftari lenu akaona hayo matano kwa pamoja hahitaji uchunguzi mrefu kujua kwamba hiki ni kidole kimekosea, na mfumo wa kompyuta unaweza kuyaona kabla mhudumu hajamaliza kusema karibu. Pale ambapo alama hizo hazipo, tuseme mtu ametuma mara nyingi kwa namba ileile halafu leo anadai amekosea, hapo sawa, chunguzeni kwanza. Ila zikiwepo shikilieni palepale.

Sasa niwaambie kuhusu mpokeaji, maana huyu ndiye aliyenifanya niandike. Ni mzee mmoja, mtu mzima. Kesho yake mdogo wangu alimpigia kwa ushauri wa mhudumu wenu mwenyewe, kwamba kama unaweza kuongea naye akubali tukimpigia itakuwa haraka. Akamwamkia, akamweleza. Mzee akasema, "Mwanangu, hiyo hela nimeiona, si yangu, na sijaigusa. Ila imeingia ikakatwa deni hapohapo, na mimi sijui nifanyeje, naogopa kukurudishia halafu na hawa wenye mtandao nao wakaja kunikata tena."

Hofu ya mzee ina msingi kabisa. Kuna utapeli unaojulikana, mtu anatumiwa hela kweli, anapigiwa simu ya kulia kwamba nimekosea naomba unirudishie, anairudisha kwa mkono kwa kutuma muamala mpya, kisha yule tapeli anaripoti ule muamala wa kwanza kwamba amekosea namba na inarudishwa mara ya pili. Mpokeaji mwema anaishia kulipa mara mbili. Na upo ule mwingine wa meseji ya kuigiza, hela haijaingia kabisa ila meseji inafanana na yenu, mtu anarudisha hela yake mwenyewe. Kwa hiyo mzee kukataa kutuma mwenyewe ilikuwa ni busara, na ndivyo tunavyopaswa kufanya wote, hela iliyokosea irudi kwa njia ya mtandao kwa kumbukumbu ileile ya muamala wa kwanza, ili ikirudi mara moja mlango ufungwe.

Na kwa sababu hamkuitenga hela ya mdogo wangu, yule mzee ilibidi ajizuie mwenyewe. Alikuwa na salio lake la 1,200 kabla, hakuligusa. Binti yake alitaka kumtumia hela ya matumizi, akamwambia asitume kwanza kwenye laini hiyo isije ikachanganyika. Yaani mtu mwaminifu amekaa siku na simu yake asiweze kuitumia, wakati asiye mwaminifu angekuwa ameshamaliza kila kitu kwa wakala jioni ileile. Mngeitenga ile 180,000, au hata iliyobaki, mzee angeendelea na maisha yake, akapokea hela ya binti yake na kutumia salio lake bila wasiwasi. Kushikilia kiasi kilicholalamikiwa tu, na si akaunti nzima, kunamlinda na mpokeaji pia. Hili naomba mlisikie vizuri kwa sababu najua mahali pengine wakiamua kuchukua hatua wanafunga laini yote ya mpokeaji, na hapo unamwadhibu mtu ambaye hakuomba kutumiwa.

Basi mzee akapigiwa na watu wenu, akakubali bila shida. Tukajua yameisha. Ikaja meseji: ombi lako la kurudisha muamala limeshindikana, salio la mpokeaji halitoshi.

Hesabu ilikuwa hivi. Mzee alikuwa na 1,200 zake. Ikaingia 180,000, ikawa 181,200. Alikuwa ameshatumia ile huduma yenu ya kukamilisha muamala wakati huna salio, ile inayokukopesha kidogo halafu ukipokea hela inajikata yenyewe, na deni lake pamoja na makato lilikuwa limefika 46,500. Mfumo ukaona hela imeingia, ukajikatia, ikabaki 134,700. Ombi la mdogo wangu lilikuwa la 180,000 kamili. Mfumo ukalinganisha 180,000 na 134,700, ukakataa lote. Haukurudisha hata kiasi kilichopo. Hela ipo, mwenye akaunti amekubali, mwenye hela analia upande wa pili, na mashine inasema haitoshi.

Mhudumu mwingine akamshauri mdogo wangu amwombe mzee aongeze 45,300 kwenye akaunti yake ili salio lifike 180,000 na ombi lipite. Nataka mlitafakari hilo. Mzee hakukopa kwa mdogo wangu, hakumtumia mtu hela kwa makosa, hakufanya lolote, na anaambiwa atafute 45,300 ya mfukoni ili kosa la watu wengine linyooke. Mdogo wangu alikataa kumwambia na mimi nilimuunga mkono.

Aliyetuokoa ni msimamizi mmoja wa ofisini kwenu, tulipokwenda na kitambulisho na skrinshoti ya meseji. Alisikiliza mpaka mwisho, akampigia mzee akiwa na sisi palepale, akajaza fomu ya kurudisha sehemu ya muamala, akaomba 133,500 badala ya 180,000 akimwachia mzee ile 1,200 yake, na ilipoidhinishwa ikaingia. Kwa hiyo kurudisha sehemu inawezekana, fomu ipo, ni kwamba wahudumu wa simu ama hawaijui ama hawana ruhusa nayo. Ombi langu dogo kabisa katika barua hii ni hilo: mfumo ukikuta salio la mpokeaji aliyekubali ni pungufu, urudishe kilichopo cha mtumaji na ufungue kumbukumbu ya kilichobaki, badala ya kukataa vyote na kumrudisha mteja mwanzo wa foleni.

Imebaki 46,500, na hapa ndipo tunapotofautiana nanyi.

Jibu tulilopewa ni kwamba hiyo imelipa mkopo, mkopo ni wa benki mnayoshirikiana nayo, imeshaenda, mdai mzee mwenyewe. Naomba tuitazame hiyo kauli taratibu. Mzee hakuipata hiyo 46,500 mkononi, hakuitoa kwa wakala, hakununua nayo kitu. Haikutoka kabisa nje ya mfumo. Ilitoka kwenye akaunti yake kwenda kwenye akaunti ya mkopeshaji kwa amri iliyoandikwa na nyie, sekunde chache baada ya kuingia, bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Kwa hiyo hata mdogo wangu angewapigia haraka kuliko binadamu yeyote asingeiwahi. Menyu ndefu, foleni, kumsubiri mhudumu, vyote hivyo havihusiki na hii sehemu. Hii ilimezwa na mashine palepale mlangoni, na mashine ni yenu.

Na kuitengua hakumuumizi mtu. Mkirudisha 46,500 kwa mdogo wangu, mnaandika upya deni la mzee kama lilivyokuwa dakika moja kabla ya muamala ule. Mzee anadaiwa 46,500 kama alivyokuwa anadaiwa, mkopeshaji ana deni lake kama alivyokuwa nalo, mdogo wangu ana hela yake. Kila mtu anarudi alipokuwa. Mkiacha ilivyo sasa, mkopeshaji amelipwa na mtu ambaye hakumkopesha, mzee deni lake limelipwa na mtu asiyemjua, na anayebeba yote ni mtu pekee ambaye hana mkataba wowote na huo mkopo. Mzee mwenyewe amesema, na yuko tayari kusema tena mkimpigia, kwamba deni lake lirudishwe kwake, atalilipa mwenyewe kama alivyopanga. Anachoomba tu, na ni haki yake, msimhesabie makato ya kuchelewa kwa hizi siku ambazo nyie ndio mlionyesha kwamba amemaliza kulipa.

Mnaniambia nimdai mzee. Sawa, tuseme mdogo wangu amdai. Mzee atoe wapi 46,500 taslimu, wakati mtu anayekopa ili kukamilisha muamala ni kwa sababu hana? Mmegeuza deni ambalo lilikuwa kati ya mzee na taasisi yenye utaratibu wa mikopo likawa deni kati ya mzee na msichana aliyekosea tarakimu mbili. Ninyi ndio wenye mkataba na mzee. Ninyi ndio wenye namna ya kumdai taratibu. Sisi tuna namba yake ya simu na huruma yake tu.

Na kwa yajayo, kwa wengine, njia ya kuzuia hili ipo. Ule mkato wa deni ukitokea ndani ya hela ambayo baadaye imethibitika imekosea namba na mpokeaji amekubali, mkato utenguke pamoja na muamala, kwa kumbukumbu ileile, bila fomu ya pili. Au kama hamtaki kutengua, basi mkato usubiri kidogo pale hela inapotoka kwa mtu ambaye hajawahi kutuma kwenye akaunti hiyo. Mimi napenda la kwanza zaidi, kwa sababu la pili litachelewesha na malipo ya kawaida ya watu, ila nyie mnaujua mfumo wenu.

Nigusie na mlango wa kuripoti kwa sababu wengi wanapotelea hapo. Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, mteja wa Safaricom anaiforwadi meseji ya muamala kwenda 456 na ombi la kurudisha linafunguliwa, haongei na mtu. Meseji tayari ina kila kitu mnachotuuliza kwenye simu, kumbukumbu, kiasi, muda, namba. Kitu cha namna hiyo kikiwepo, na kikiandikwa mwishoni mwa meseji ya kuthibitisha muamala pale ambapo sasa mnaweka tangazo, mtu atairipoti hela yake akiwa bado amesimama palepale alipoitumia. Na mpokeaji naye aulizwe kwa menyu inayofunguka kwenye simu yake, umepokea kiasi fulani kimakosa, unakubali kirudi, moja ndiyo, mbili hapana, bila kuombwa namba ya siri, kwa sababu siku mtakapoanza kuomba namba ya siri kwenye swali hilo mtakuwa mmewafundisha matapeli wimbo mpya. Swali hilo likija kutoka kwenu kwa njia inayojulikana, mzee kama yule hatakaa anajiuliza kama huyu anayenipigia ni mtandao au ni mwizi.

Zikienda mtandao mwingine najua ni kazi zaidi, maana hapo daftari la mpokeaji si lenu na mnaomba kwa jirani. Sitaingia huko leo, huu wa mdogo wangu ulikuwa ndani ya mtandao wenu mwanzo mpaka mwisho, aliyetuma ni wenu, aliyepokea ni wenu, mkopo ni wa huduma yenu.

Kwa hiyo tunachoomba sasa hivi, kabla ya hayo ya baadaye, ni hiki. Fungueni tena lile ombi, msilifungue jipya, tumieni kumbukumbu ya muamala wa kwanza. Mpigieni mzee mchukue kauli yake kwa rekodi kwamba anakubali deni lake la 46,500 lirudi kama lilivyokuwa. Tengueni ule mkato, 46,500 irudi kwa mdogo wangu, na mzee aandikiwe meseji inayomwonyesha deni lake jipya ni kiasi gani na kwamba hakuna makato ya kuchelewa yaliyoongezwa. Kama mkopeshaji ndiye anayekataa, basi tupeni jibu hilo kwa maandishi likiwa na sababu, kwa sababu mpaka leo tunajibiwa kwa mdomo tu na kila mhudumu ana maelezo yake, na bila maandishi hatuwezi kulipeleka shauri hili kwa wanaosimamia mifumo ya malipo, ambako tusingependa kufika kama nyie mnaweza kulimaliza.

Namba ya kumbukumbu, nakala ya meseji zote mbili, ile ya kutuma na ile ya kushindikana, pamoja na fomu ya msimamizi wenu, tumeziacha ofisini kwenu na tuna nakala. Siziweki hapa hadharani kwa sababu zina namba ya mzee na sitaki asumbuliwe na watu. Mdogo wangu anapatikana kwenye laini yake ileile aliyotumia kutuma, na mzee amesema mkimpigia apigiwe asubuhi, jioni simu yake huwa haina chaji.

Wenu mteja, kaka wa mteja.